Slaidi ya Sita

Alama yenyewe huiandika mwisho. Hilo ndilo jambo la kwanza nililoliona nilipoketi meza moja na mwalimu mwenzangu katika chumba cha walimu wa chuo cha kilimo, tukiwa na mawasilisho 34 ya wanafunzi wa ugani ya kusahihisha kabla ya Ijumaa. Fomu yetu ilikuwa na safu tatu: kigezo, alama, sababu. Mimi nilikuwa naijaza jinsi ilivyochorwa, kushoto kwenda kulia. Naitazama kazi, moyo unaniambia saba, naandika 7, halafu ndipo naanza kutafuta maneno ya kuitetea hiyo saba yangu. Yeye aliiruka safu ya katikati. Alijaza sababu kwanza, ukurasa mzima, safu ya alama ikiwa tupu. Kisha akarudi juu, akasoma alichokiandika kama kimeandikwa na mtu mwingine, akatia namba.

Nilimuuliza kwa nini anajisumbua hivyo. "Namba ikishakaa kwenye karatasi, mdogo wangu, macho yanaanza kuitafutia mashahidi," alisema. "Mimi nataka mashahidi waje kabla hawajajua kesi ni ya nani."

Amefundisha miaka mingi kuliko mimi, na jina lake silitaji kwa kuwa najua angeona haya. Nitaeleza tu alivyolisahihisha wasilisho moja, lile tulilolipa namba 14. Tulikuwa tumefuta majina kwenye slaidi ya kwanza ya kila faili na kuweka namba, maana wanafunzi wetu tunawajua kwa sura na kwa vituko vyao, na mwanafunzi mchangamfu darasani huwa anasafiri na alama zake mfukoni.

Kazi waliyopewa ilikuwa hii: wawili wawili, waandae slaidi zisizozidi 12 za kuwaeleza wakulima, kwa Kiswahili, tatizo moja la hifadhi ya nafaka, na ndani yake waweke kipimo walichokifanya wenyewe. Tulikuwa tukisahihisha slaidi peke yake. Namna walivyozungumza mbele ya wenzao ilikuwa na fomu yake na msahihishaji wake. Namba 14 walichagua sumukuvu katika mahindi, na swali lao, lililoandikwa kwa herufi kubwa kwenye slaidi ya 2, lilikuwa zuri: je, mkulima anaweza kuzuia sumukuvu kwa kubadilisha mfuko tu?

Kabla ya kufungua faili lolote, alisoma rubriki. Jedwali hilo la vigezo alishiriki kuliandika yeye mwenyewe miaka miwili nyuma, na bado alilisoma tangu neno la kwanza, penseli mkononi. Neno rubriki, aliwahi kuniambia, lina asili ya Kilatini yenye maana ya wekundu, kwa sababu waandishi wa vitabu vya ibada vya zamani waliandika vichwa na maelekezo kwa wino mwekundu ili msomaji asiyachanganye na sala yenyewe. Hadithi hiyo anaipenda. Kwake yeye rubriki bado ni maelekezo kwa anayesahihisha, na anayesahihisha ndiye wa kwanza anayepaswa kuyatii.

Vigezo vyetu vilikuwa vinne na jumla ilikuwa alama 30: mtiririko wa hoja 5, usahihi wa maudhui 10, ushahidi 10, mwonekano wa slaidi 5. Kila kigezo kiligawanywa katika ngazi, na kila ngazi ilikuwa na sentensi yake. Penseli yake haikuzunguka kwenye sentensi nzima. Ilitafuta neno linalotenganisha ngazi moja na jirani yake. Kwenye ushahidi, ngazi ya 7 hadi 8 ilisema: madai mengi makuu yana data au chanzo, na grafu zinasomeka bila kupotosha. Ngazi ya 5 hadi 6 ilisema: baadhi ya madai makuu yana data au chanzo, au grafu ina kasoro inayobadilisha maana. Alizungushia "mengi" na "baadhi", kama ambavyo ningefanya mimi. Kisha akazungushia vineno viwili ambavyo mimi nilivipita kama sikuviona: "na" ya ngazi ya juu, na ile "au" ya pili ya ngazi ya chini. Maana yake ni kwamba mwanafunzi anaweza kuwa na vyanzo tele, lakini grafu moja ikipotosha, mlango wa saba umefungwa. Nilidhani anachezea sarufi. Siku mbili baadaye "au" ile ilitumalizia ubishi.

Mara ya kwanza alilipitia wasilisho lote bila kuandika kitu, akiwa ameliweka katika hali ya kuonyeshwa, skrini nzima, akibofya kama mtoa mada anavyobofya. Hapa nilijifunza jambo ambalo lilinitia aibu kidogo. Mimi nilikuwa nimegeuza mafaili yote kuwa PDF ili niyasome kwenye simu nikiwa ndani ya daladala, na kwenye slaidi ya 8 ya namba 14 nilikuwa tayari nimeandika kwamba picha ya mtu anayefunga mfuko imefunika hatua za kukausha mahindi, haisomeki. Kwenye skrini yake hatua zilitokea kwanza, moja baada ya nyingine. Alipobofya tena zikaondoka, ndipo picha ikaja. Slaidi haikuwa na kosa lolote. PDF hubandika kwa pamoja vitu vyote ambavyo mwandishi alivipangia zamu, na mimi nilikuwa karibu kumkata mwanafunzi alama kwa kosa la faili langu. Nilifuta mstari ule bila kusema kitu. Nadhani aliona.

Safari ya pili ndiyo ya kuandika, na hapo haendi slaidi kwa slaidi. Anakwenda kigezo kwa kigezo. Anachukua mtiririko wa hoja, anapita slaidi zote 12 akitafuta hicho tu, anaandika, anafunga, anarudi slaidi ya 1 na kigezo cha pili. Mara nne nzima. Ni kazi ya kuchosha, na kwa wasilisho moja ilimchukua kama dakika 25, wakati mimi nilikuwa namaliza kwa kumi. Lakini ina sababu. Mwaka 1920 mwanasaikolojia wa Marekani Edward Thorndike aliandika kuhusu maofisa wa jeshi walioombwa kuwapima askari wao kwa sifa mbalimbali, umbo, akili, uongozi, tabia, kila moja peke yake. Alama zikafuatana mno kuliko inavyowezekana: aliyeonekana mzuri kwa jambo moja alipewa mema kwa yote. Slaidi zinafanya vivyo hivyo. Ukienda slaidi kwa slaidi, rangi nzuri ya slaidi ya kwanza inapaka mafuta usahihi wa slaidi ya tatu. Ukienda kigezo kwa kigezo, rangi haina pa kuingilia mpaka zamu yake ifike.

Mtiririko haukumchukua muda. Swali lipo slaidi ya 2, jibu lipo slaidi ya 11, katikati kuna chanzo cha tatizo, kisha kipimo, kisha ushauri. Kitu kimoja tu kilikaa vibaya: slaidi ya 9 inarudi kwenye kiwango cha sumukuvu kinachoruhusiwa, jambo lililoanzwa slaidi ya 3, na inakatiza njia kati ya matokeo na ushauri. Aliandika hivyo, kwa sentensi mbili, na baadaye 4 kwa 5.

Kwenye usahihi alikaa.

Slaidi ya 3 ilieleza kwamba sumukuvu hutengenezwa na ukungu, hasa ule uitwao kitaalamu Aspergillus flavus, kwamba haionekani kwa macho na haiondoki kwa kupika. Yote kweli. Kisha ikasema kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika mahindi ni miligramu 10 kwa kilo. Hapo alisimama. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa sumukuvu zote kwa jumla ni mikrogramu 10 kwa kilo, na mikrogramu moja ni sehemu moja ya elfu ya miligramu. Kosa la herufi chache, lakini limeongeza sumu mara 1,000. Slaidi ya 9 ikalifuata kosa hilo: ilitoa mfano wa mahindi yenye miligramu 1 kwa kilo, ikamwambia mkulima kwamba hayo bado ni salama. Kwa kiwango cha kweli, mahindi hayo yamevuka mpaka mara 100.

Hapa mimi ningekata mara mbili, mara moja kwa slaidi ya 3 na mara nyingine kwa slaidi ya 9, tena kwa hasira, maana mkulima akiamini slaidi ile atawalisha watoto. Yeye ana jaribio lake dogo la kuamua kama makosa mawili ni mawili kweli. Anajiuliza: wangelisahihisha hili la kwanza, la pili lingebaki? Wangeandika mikrogramu kwenye slaidi ya 3, mfano wa slaidi ya 9 ungeanguka wenyewe, wasingeweza kuuandika. Kwa hiyo ni kosa moja lenye mtoto. Aliliandika mara moja, akataja slaidi zote mbili, akaeleza uzito wake.

Jaribio lile lile lilimpa jibu la kinyume kwenye slaidi ya 10. Hapo waliandika: mfuko wa PICS huondoa sumukuvu. PICS ni ile mifuko yenye tabaka tatu isiyopitisha hewa. Wadudu waliomo wanaitumia hewa iliyobaki mpaka inawaishia, na ukungu nao unakosa hewa ya kustawi. Ukiweka mahindi yaliyokauka vizuri, mfuko unasaidia kuzuia mambo yasiwe mabaya zaidi. Sumu ambayo tayari imo kwenye punje tangu shambani haiguswi na mfuko. Kwa hiyo dai ni la uongo hata wangekuwa na data ya namna gani. Hilo ni suala la usahihi.

Lakini dai hilo lina kasoro ya pili. Kipimo chao wenyewe hakikupima sumukuvu wala ukungu. Walichukua viroba vitatu vya kawaida na mifuko mitatu ya PICS, wakaweka mahindi kwa wiki 8, kisha wakatoa punje 100 kutoka kila mfuko na kuhesabu zilizotobolewa na wadudu. Kutoka punje zilizotobolewa mpaka sumu ni mruko mrefu, japo wadudu na ukungu ni marafiki. Akajiuliza tena: wangelisahihisha dai, wakaandika kwamba mfuko husaidia kuzuia ukungu usiongezeke, je, mruko ungebaki? Ungebaki. Bado wangekuwa wamehesabu matundu ya wadudu na kutoa hukumu juu ya ukungu. Kwa hiyo haya ni makosa mawili yanayokaa nyumba moja, na moja lilihamishiwa kwenye kigezo cha ushahidi kusubiri zamu yake.

Sababu aliyoiandika kwenye usahihi nimeinakili neno kwa neno, kwa ruhusa yake:

"Slaidi ya 5 inaeleza kwa usahihi kwamba ukungu huweza kuanza shambani, mahindi yakipata ukame na kutobolewa na wadudu. Slaidi ya 8 inataja kukausha kabla ya kufunga mfuko. Makosa mawili yanabadilisha maana. Kwanza, slaidi ya 3 inataja miligramu 10 badala ya mikrogramu 10 kwa kilo, na mfano wa slaidi ya 9 umejengwa juu yake. Pili, slaidi ya 10 inasema mfuko huondoa sumukuvu, ilhali hauondoi sumu iliyokwisha kuwamo. Ngazi ya 5 hadi 6: mengi ni sahihi, kosa moja au mawili yanabadilisha maana. Ni 6 kwa sababu ya slaidi za 5 na 8."

Inafaa kuitazama sentensi ya kwanza na ya mwisho. Wasahihishaji wengi, nami nikiwamo, tunaandika sababu za alama tulizokata peke yake, kama vile alama sita zilizotolewa zimeota zenyewe. Yeye anazidai ushahidi nazo pia. Mwanafunzi anayesoma fomu anajua kipi kimempatia sita, si kipi tu kimemnyima nne.

Ukilinganisha na nilichokuwa nimeandika mimi kwa wasilisho lile lile, utacheka: "Maudhui mazuri lakini kuna makosa ya kitaalamu, hasa kwenye vipimo." Sentensi hiyo ungeweza kuibandika kwenye mawasilisho 20 kati ya yale 34 na hakuna ambaye angeshtuka. Yake ukiibandika kwenye wasilisho jingine inakataa. Ndivyo anavyojipima: anafunika namba ya wasilisho kwa kidole, anasoma sababu, anajiuliza kama mtu mwingine angeweza kulitambua wasilisho kwa maneno hayo peke yake.

Kisha ushahidi, na slaidi ya 6.

Slaidi ya 6 ilikuwa grafu ya nguzo mbili. Nguzo ya kiroba cha kawaida, nyekundu, ilipaa mpaka karibu na kichwa cha slaidi. Nguzo ya PICS, ya kijani, ilikuwa fupi kama kigoda. Ukiitazama kwa mbali unaona nguzo nyekundu ni ndefu mara nne. Mimi nilifurahi, nikaandika: "Grafu safi, inaonyesha tofauti waziwazi." Yeye hakuangalia nguzo kwanza. Alianza chini kushoto, pale mhimili wa wima unapoanzia, na mhimili ulianzia 10, sio sifuri. Akafungua slaidi ya 7 yenye jedwali: wastani wa kiroba, punje 14 kwa 100; wastani wa PICS, punje 11. Nguzo moja imesimama hatua nne juu ya 10, nyingine hatua moja. Tofauti ya kweli ni punje tatu, na grafu imeigeuza kuwa mara nne.

Hakuwatuhumu. Programu za kuchora grafu mara nyingi huchagua zenyewe pa kuanzia mhimili, na vijana waliipokea kama ilivyokuja. Rubriki haiulizi nia. Inauliza kama grafu inapotosha, na mkulima aliyekaa nyuma ya ukumbi angerudi nyumbani akijua kwamba mfuko wa bei kubwa unapunguza uharibifu mpaka robo. Aliandika namba ya slaidi, mahali mhimili ulipoanzia, namba mbili za jedwali, na kile ambacho jicho linaona. Akaongeza ule mruko kutoka matundu ya wadudu mpaka sumukuvu, slaidi ya 7 na ya 10.

Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi, nacho ni kuthibitisha kisichokuwapo. Slaidi ya 4 ilisema kwamba mwaka 2004 nchini Kenya watu 125 walikufa kwa sumukuvu, na kwamba mwaka 2016 watu walikufa Tanzania pia, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ni habari za kweli, zinajulikana, lakini kigezo hiki hakiulizi kama ni kweli. Kinauliza kama chanzo kimeonyeshwa. Mtu akisema "hakuna chanzo" amesema kitu ambacho hakina slaidi ya kukionyeshea. Kwa hiyo yeye huandika alikotafuta: "Sikuona chanzo kwenye slaidi ya 4, wala orodha ya vyanzo kwenye slaidi ya 11 au 12." Aliyetaja alikotafuta amempa mwenzake njia ya kumsahihisha. Aliweka 5.

Mwonekano alimaliza haraka. Herufi kubwa, maneno machache, picha wamezipiga wenyewe. Alama 4 kwa 5, moja imekatwa kwa sababu ya maandishi ya kijani juu ya kijani kwenye slaidi ya 11. Jumla yake 19 kwa 30. Yangu ilikuwa 21, maana tulilingana kila mahali isipokuwa ushahidi, ambao mimi niliupa 7.

Kulikuwa na jambo moja aliloshindwa kulipa, na lilimsumbua. Kwenye slaidi ya 8 vijana wale walieleza namna ya kujua mahindi yamekauka: chumvi kavu na mahindi kidogo kwenye chupa kavu, unaitikisa, unaiacha kidogo, chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa mahindi bado yana maji. Ni njia ya zamani ya wakulima, haina gharama, na waliipiga picha hatua kwa hatua. Kwa kazi ya ugani hicho ndicho kitu bora kuliko vyote katika mawasilisho yote 34. Rubriki haikuwa na kigezo cha kufaa kwa mkulima. Nilimshawishi aongeze alama moja mahali fulani, nani angejua. Alikataa. Wengine 33 hawakupimwa kwa kigezo hicho, alisema, na huenda baadhi yao waliacha kitu kama hicho kwa kuwa rubriki haikukitaja. Alichukua karatasi nyingine yenye kichwa "Rubriki ya mwakani" akaandika hapo, akataja namba 14, slaidi ya 8. Kwangu mimi bado naona vijana walidhulumiwa kidogo. Sijui ningefanyaje.

Siku ya kusawazisha alama tulikaa wawili na fomu zetu. Tofauti ya 5 na 7 kwenye kigezo kimoja ilikuwa lazima ijadiliwe, kwa utaratibu wetu. Hofu ya zamani katika kazi hii ni kwamba kila msahihishaji ana dunia yake. Mwaka 1913 Daniel Starch na Edward Elliott wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio ambalo hata leo linatisha: karatasi moja ya jometri ya mwanafunzi mmoja, iliyopelekwa kwa walimu zaidi ya 100, ilirudi na alama kuanzia chini ya 30 mpaka zaidi ya 90 kwa 100. Jometri, somo ambalo watu hudhani jibu ni moja! Njia ya kawaida ya kumaliza tofauti ni kugawanya katikati, 5 na 7, tuandike 6, twende tukanywe chai. Nilipendekeza hivyo, na saa ilikuwa imefika.

"Tukigawanya tutakuwa tumepata namba ambayo hakuna kati yetu aliyeiona kwenye slaidi," alisema. "Nisomee sababu yako."

Nikasoma. Grafu safi, inaonyesha tofauti waziwazi. Vyanzo vimetajwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akageuza kompyuta, slaidi ya 6, akaweka kidole kwenye ile 10 chini ya mhimili. Sikuwa na la kusema. Kwa neno lile "au", grafu peke yake ilikuwa imetosha kunishusha chini ya saba.

"Lakini wewe umeandika vyanzo vimetajwa," akasema. "Mimi nimeandika sikuviona. Mmoja wetu amekosea."

Nikamwomba arudi slaidi ya 4 na aikuze. Chini kabisa, pembeni kulia, kulikuwa na mstari wa kijivu hafifu juu ya weupe, herufi ndogo za pointi 8, ukitaja ripoti mbili na miaka yake. Mimi niliuona kwa sababu nilikuwa nimeikuza slaidi ile kwa vidole kwenye simu, ndani ya daladala. Yeye aliitazama kama inavyoonyeshwa, skrini nzima, na kwa umbali huo mstari ule ulikuwa kama vumbi.

Alicheka, kwanza kwa sauti, kisha akavaa miwani yake tena. Chanzo kipo, kwa hiyo sentensi yake ilikuwa ya uongo na lazima itoke. Baadhi ya madai makuu sasa yalikuwa na chanzo, na mengine yalikuwa na data ya jedwali, jambo lililoivuta alama mpaka juu ya ngazi yake, lakini grafu iliizuia isivuke. Akaandika 6. Kisha akasogea kwenye mwonekano, ambako hakuna aliyemuita, akasoma sentensi ya ngazi ya 4: maandishi yote muhimu yanasomeka kwa aliyekaa nyuma. Chanzo cha habari za vifo vya watu ni maandishi muhimu, na hayasomeki hata kwa aliyekaa mbele. Akafuta 4, akaandika 3, akataja slaidi ya 4, ukubwa wa herufi na rangi yake.

Nilijumlisha. Nne, sita, sita, tatu. Ilikuwa 19, ile ile aliyokuwa nayo tangu Jumanne.

"Mwalimu, jumla haijabadilika," nikamwambia. "Tungeiacha tu ile fomu ya kwanza."

Alikuwa tayari amechukua fomu mpya na ameanza kunakili safu ya sababu upya kwa mkono, tangu mtiririko wa hoja, kwa mwandiko wake uleule wa polepole. "Watakapokuja kuuliza wataifungua slaidi ya 4," alisema bila kuinua kichwa, "na mstari wao watauona." Akaniomba nimfungulie namba 1 hadi 3 huku akiendelea kuandika, maana hizo alizisahihisha kabla jicho halijazoea, na alitaka kuzitazama mihimili.